Kesi ikiwa mbele ya juji, nani anyamaze?

Kila mara tukiuliza swali juu ya kesi fulani, jibu la wakubwa ni moja: "Acheni, kesi iko mu mikono ya tribinali." Waziri anasema hivyo, meya anasema hivyo, mkurugenzi wa kampuni naye amejifunza kusema hivyo. Neno linafungwa hapo. Wiki inayofuata, watu walewale wanaita kamera na kuwapanga vijana sita chini, bila viatu, na kutangaza: "Hawa ndio majambazi waliokuwa wanasumbua mtaa." Juji hajawaona hata mmoja. Siku hiyo hakuna anayekumbuka mikono ya tribinali.

Basi tuzungumze. Sisi wengine tunaoandika ukurasa huu tuko na lisansi ya sheria ndani ya sanduku, hakuna kazi, lakini hatujasahau tulichosoma. Na swali lenyewe ni gumu kuliko tunavyolitupa kwenye WhatsApp: je, mtu wa nje ana haki ya kusema nini juu ya kesi ambayo haijaamuliwa? Akisema sana anaweza kumharibia mtu hukumu ya haki. Akinyamaza kabisa, kesi inaweza kulala miaka kumi na hakuna atakayeuliza.

Waingereza wako na kosa wanaloliita kudharau mahakama. Kwao halimaanishi tu kumtukana juji usoni. Hata gazeti likiandika kitu kinachoweza kupotosha kesi inayongojewa, mhariri anaweza kwenda jela. Kwetu Kongo sheria ilitoka kwa Wabelgiji, na kosa hilo halipo kwa sura hiyo. Tuko na kosa la kutukana mamlaka, na tuko na siri ya upelelezi. Lakini mjadala wao umekwenda mbali kuliko wetu, na kuna kesi moja ambayo kila kijana anayeandika juu ya tribinali angepaswa kuijua. Ni kesi ya dawa ya thalidomide.

Dawa hiyo ilitengenezwa Ujerumani Magharibi na kampuni ya Grünenthal. Uingereza iliuzwa na kampuni ya Distillers, ambayo watu waliijua zaidi kwa wiski, tangu mwaka 1958. Ilikuwa dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, na wamama wenye mimba waliinywa. Watoto wakaanza kuzaliwa na mikono mifupi sana au bila mikono kabisa, wengine bila miguu. Mwisho wa mwaka 1961 dawa ikaondolewa sokoni. Uingereza peke yake watoto waliodhurika walikuwa karibu 450.

Wazazi wakaenda mahakamani kuanzia 1962. Hapo ndipo tunaomba msomaji awe mwangalifu, kwa sababu shida yote iko katika kalenda. Mwaka 1968 familia za kwanza, kama sitini na kitu, zilikubali mapatano: kampuni ilipe asilimia 40 ya kile wangepata kama wangeshinda kabisa, na wao waondoe shitaka kwamba kampuni ilikuwa na uzembe. Kisha zikaja familia nyingine zaidi ya 300. Mwaka 1971 kampuni ikasema itaweka mfuko wa pauni milioni 3 na robo kwa wote, kwa sharti kila mzazi akubali. Wazazi watano wakakataa. Kukawa na jaribio la kuwaondoa hao watano wasiwasemee watoto wao tena, ili mapatano yapite. Mahakama ya rufaa ikalikataa mwezi wa nne 1972. Kwa hiyo miaka kumi tangu shitaka la kwanza, hakuna juji hata mmoja aliyekuwa amekaa kusikiliza swali lenyewe: kampuni ilipima dawa sawasawa kabla ya kuiuza, ndiyo au hapana? Na kwa sababu kesi zilikuwa bado "mbele ya mahakama", magazeti yaliogopa kuligusa.

Tarehe 24 mwezi wa tisa 1972, gazeti la Sunday Times, mhariri wake akiwa Harold Evans, likachapisha makala yenye kichwa kinachosema kwamba watoto wa thalidomide ni aibu ya taifa. Halikusema kampuni ina hatia mbele ya sheria. Lilisema kwamba hata kama sheria haiwalazimishi, pesa wanayotoa ni ndogo mno, na likaweka hesabu mezani: mfuko wa milioni 3 na robo, unaotolewa kidogo kidogo kwa miaka 10, ukilinganishwa na kampuni iliyopata faida ya zaidi ya pauni milioni 64 ndani ya mwaka mmoja kabla ya kodi. Chini kabisa likaahidi makala ya pili, itakayoeleza namna msiba ulivyotokea.

Makala hiyo ya pili ndiyo iliyozua vita. Evans mwenyewe aliituma kwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ikiwa bado haijachapishwa. Ilikuwa imejaa ushahidi juu ya vipimo ambavyo kampuni ilifanya na ambavyo haikufanya. Mwezi wa kumi na moja mahakama ikapiga marufuku isitoke. Mwezi wa pili 1973 mahakama ya rufaa ikaondoa marufuku: juji mkuu wake, Lord Denning, aliona kwamba kesi zimelala, na kwamba jambo la taifa lisifungiwe mdomo kwa sababu ya karatasi zilizolala. Mwezi wa saba, majuji watano wa House of Lords, ambayo siku hizo ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa, wakairudisha marufuku, wote kwa sauti moja.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema haraka: majuji wamenunuliwa. Hapana. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na ukiipita bila kuielewa hutaelewa kitu. Wengi wao waliona kwamba makala ya kwanza haikuwa na kosa, kwa sababu kumwambia tajiri kwa maneno ya heshima "toa zaidi, hata kama sheria haikulazimishi" si kuharibu kesi. Lakini makala ya pili ilijibu swali lilelile ambalo juji anangojewa kulijibu, yaani kama kulikuwa na uzembe. Gazeti likiruhusiwa kuamua hivyo kwa uangalifu, walisema, kesho gazeti lingine litaamua bila uangalifu wowote. Watu watazoea kupokea hukumu kutoka kwa muuza magazeti. Shahidi atafika mahakamani akiwa tayari amesoma kile anachotakiwa kukumbuka. Na mtu asiyependwa na watu hatapata tena mahali pa kusikilizwa bila kelele.

Kwamba hofu hiyo si ya bure, Uingereza yenyewe imetoa mifano. Mwaka 1949 polisi walimkamata mtu aitwaye John Haigh kwa mauaji. Gazeti la Daily Mirror likamwandika kama muuaji mnywa damu hata kabla kesi haijaanza, na kuongeza wengine aliowaua. Mhariri, Silvester Bolam, akafungwa jela miezi mitatu, na gazeti likatozwa faini ya pauni 10,000. Haigh alikuwa muuaji kweli, alihukumiwa na kunyongwa mwaka uleule. Kwa hiyo mhariri hakufungwa kwa kusema uongo. Alifungwa kwa sababu watu 12 wa jury, raia wa kawaida, wangeingia mahakamani wakiwa wamekwisha amua.

Mfano wa pili ndio unaotuuma zaidi. Mwisho wa mwaka 2010 kijana mwanamke aliuawa mjini Bristol, na polisi wakamkamata mwenye nyumba aliyopanga. Mzee mwalimu mstaafu, anaishi peke yake, nywele zake hazikupendeza waandishi. Siku chache magazeti yakamchora kama mtu wa ajabu, wa kutisha, wa kutazamwa vibaya. Aliachiliwa, na mtu mwingine kabisa ndiye aliyehukumiwa kwa mauaji mwaka 2011. Daily Mirror ikatozwa pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000 kwa kudharau mahakama. Hapa mtu anaweza kuuliza: kesi ya mzee haikufika popote, sasa gazeti liliharibu nini? Majuji walijibu kitu ambacho hatukuwahi kukifikiria. Ukimpaka mtu matope namna ile, jirani anayejua jambo la kumsaidia anaogopa kujitokeza. Anaona aibu kuonekana upande wa "yule shetani". Ushahidi wa kumwokoa mtu unapotea kimya kimya, na hakuna atakayejua ulikuwepo.

Tafadhali msomaji simama hapo kidogo. Mara ngapi tumesambaza picha ya kijana aliyepigwa na watu wa mtaa, na maneno "mwizi wa simu amepatikana"? Kwetu hakuna jury ya raia 12, kwa hiyo wengine wanasema hatari hiyo haituhusu, juji amesoma, hatatikiswa na Facebook. Labda juji hatatikiswa. Lakini yule mama aliyekuwa anauza makala saa ile, aliyeona kijana akiwa mahali pengine kabisa, yeye atatikiswa. Ataona picha imezunguka mji mzima na atasema: mimi ni nani hata niingie mambo hayo.

Basi turudi London. Evans na gazeti lake hawakukubali. Kampuni nayo haikuweza kukaa: bunge lilijadili jambo hilo mwezi wa kumi na moja 1972, wenye hisa wa kampuni wenyewe wakaanza kuona haya, na mwanzo wa 1973 ile pauni milioni 3 na robo ikawa milioni 20. Ni sheria ileile, na kampuni ileile ambayo haijahukumiwa kitu. Kilichobadilika ni kwamba watu walijua na wakaongea. Tunasema hivyo kwa uangalifu, kwa kuwa makala ya kwanza na bunge ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Makala ya pili, ile yenye ushahidi, ilibaki ndani ya kabati hadi mwezi wa sita 1976, siku chache baada ya marufuku kuondolewa. Wakati huo kesi karibu zote zilikuwa zimekwisha kwa mapatano. Yaani swali la uzembe lilizuiwa kwenye gazeti ili liamuliwe na juji, na juji hakuliamua kamwe.

Hilo ndilo jambo ambalo mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, iliangalia tarehe 26 mwezi wa nne 1979. Ilisema marufuku ile ilivunja uhuru wa kujieleza. Sababu zake si za kelele. Makala ilikuwa imeandikwa kwa kiasi, iliweka hoja za pande zote mbili, kesi zilikuwa zimelala miaka mingi, na familia za watoto zilikuwa na haja kubwa ya kujua ukweli wa jambo lililowapata. Mahakama zinafanya kazi ndani ya jamii, na jambo likiwa mbele ya juji haliachi kuwa jambo la watu. Lakini tusidanganyane: kura zilikuwa 11 kwa 9. Mjuji mmoja tu upande wa pili na ingekuwa 10 kwa 10. Watu waliosoma maisha yao yote waligawanyika nusu kwa nusu karibu.

Miaka miwili baadaye, 1981, Uingereza ikaandika sheria mpya. Haitoshi tena kwamba umegusa kesi. Lazima maandishi yako yalete hatari kubwa, tena ya kweli, ya kuharibu sana kesi hiyo hasa. Na kimya hakianzi siku mtu anapopeleka barua ya shitaka. Kesi ya jinai inaanza kulindwa mtu akikamatwa au hati ya kumkamata ikitolewa, na kesi ya madai inaanza kulindwa siku ya kusikilizwa ikianza kupangwa. Kwa hiyo tajiri hawezi tena kufungua kesi asubuhi, kuilaza, na jioni kusema "tusizungumze, iko mahakamani". Na ukiwa unajadili jambo la watu wote kwa nia njema, kesi ikaguswa pembeni tu, huna kosa.

Ukiweka kipimo hicho juu ya mambo yetu, yanaonekana tofauti. Katiba yetu ya 2006 inaweka vyote viwili. Kifungu cha 17 kinasema mshitakiwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Kifungu cha 23 kinatupa uhuru wa kusema, na cha 20 kinasema tribinali inakaa mbele ya watu wote, isipokuwa pale inapoonekana hatari kwa utulivu au maadili. Upelelezi wa parke ni siri, ndiyo, lakini siku juji anafungua kikao, mlango uko wazi, na kile kilichosemwa ndani ni cha kila mtu. Anayekukataza kusimulia kikao cha wazi hana sheria mkononi.

Na kuhusu kesi kulala, hatuhitaji kwenda London. Floribert Chebeya, mkubwa wa Sauti ya Wasio na Sauti, alikutwa amekufa Kinshasa mwezi wa sita 2010 baada ya kuitwa kwa mkuu wa polisi. Mwenzake Fidèle Bazana, mwili wake haujaonekana hata leo. Mahakama za kijeshi zilikata kesi mwaka 2011, na tena 2015. Wakubwa wengine wakaona imekwisha. Mwezi wa pili 2021, redio RFI ikatoa sauti za polisi waliokimbilia nje, wakieleza namna walivyoshiriki. Wakati huo ofisa mmoja wa polisi, Christian Ngoy, alikuwa tayari amekamatwa na anangoja. Mwaka uleule kesi ikafunguliwa tena, na mwezi wa tano 2022 mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu. Kwa kipimo kikali cha 1973, redio ile ingekatazwa: ilitoa ushahidi wenyewe, kabla ya juji, juu ya mtu aliye gerezani. Sisi tunaona ilifanya vema. Kimya kilikuwa kimedumu miaka zaidi ya kumi, na waliokuwa wanaomba kimya walikuwa na askari, na familia hazikuwa na kitu.

Hata hivyo avoka wa upande wa pili naye ana neno. Shahidi akishazungumza redioni, amefungwa na maneno yake. Akifika mahakamani na kukumbuka kitu tofauti, ataogopa kukisema, maana nchi nzima imesikia toleo la kwanza. Tungependa kusema hoja hiyo ni ya kutetea wauaji tu. Si kweli.

Kwa hiyo tukiandika tangazo juu ya kesi, tunajaribu kutenganisha nani ana nguvu na nani hana. Waziri, jenerali, kampuni, hao wako na avoka watano na redio yao. Kuuliza kwa nini kesi yao imeahirishwa mara ya nane hakuwezi kuwaharibia haki. Kuhesabu tarehe, kutaja juji aliyebadilishwa, kusema faili imepotea parke, hayo ni mambo ya namna kesi inavyoendeshwa, na ni yetu sote. Lakini "parke inamshitaki kwa wizi" si sawa na "mwizi amekamatwa", na tumeondoa maneno ya pili katika matangazo yetu hata pale tunapoamini kwamba ni kweli. Jina la shahidi hatuliweki. Sura ya mtu aliyekamatwa jana na hana avoka hatuiweki, hata meya ameiweka kwake.

Kitu kimoja bado kinatugawanya. Video za mtu "anayekiri" mbele ya polisi, macho yamevimba, tuzionyeshe ili watu waone mateso, au tuzifiche kwa sababu kila anayeiona anasikia pia yale maneno "ni mimi nilifanya"? Makambarade kadhaa wanasema tukate sauti na kufunika uso. Wengine wanasema bila sauti na uso hakuna atakayeamini kwamba alipigwa. Kikao kilichopita tulipiga kura, na ilikuwa karibu kama ya Strasbourg.